Hiki au kile: tafuta sababu kwanza, kasi itakuja

*"Nina duka la vitabu Ngamiani, Tanga. Nimeanza kurekodi video za 'hiki au kile': mdogo wangu anashika vitabu viwili, mimi namuuliza, yeye anachagua. Ya mwisho ilikuwa na jozi 15 na ilifika dakika mbili na nusu. Watu wanaangalia mwanzo tu wanaondoka, na walioandika komenti hakuna hata mmoja aliyekuja kununua. Nikimwambia aharakishe, anababaika. Nifanyeje ziwe za haraka na ziuze vitabu?"*

Dada, mdogo wako hababaiki kwa sababu ya kasi. Anababaika kwa sababu unampa kazi mbili kwa wakati mmoja: achague, halafu hapo hapo atunge sentensi ya kueleza kwa nini. Kuchagua ni kwepesi. Mtu akitajiwa vitabu viwili anavyovijua, moyo wake unakuwa umeshaelemea upande mmoja kabla hujamaliza kuuliza. Kutunga sentensi ndiko kunakoleta zile "eeh... hiki... kwa sababu ni kizuri, kinafundisha." Kwa hiyo mpunguzie ile kazi ya pili. Sababu ziandaliwe kabla, uchaguzi ubaki wa papo hapo.

Toeni vitabu 10 kwenye rafu, vile ambavyo mdogo wako amevisoma kweli. Kila kitabu mkiandikie sababu moja kwenye kikaratasi, maneno yasizidi manane. Angalia vizuri hapo: sababu ni ya kitabu, si ya jozi. Ukishakuwa na vitabu 10 vyenye sababu 10, unaweza kuvipanga kwa jozi 45 tofauti, na mdogo wako hahitaji kujua utaanza na ipi. Anachojua ni kwamba kitabu chochote atakachokishika ana neno la kukisemea. Akichagua, anachagua kwa dhati mbele ya kamera na uso wake unaonyesha hivyo, ila ulimi haukwami. Vikaratasi avisome mara tatu au nne jioni ya siku moja kabla, asivikariri kama shairi. Akivikariri neno kwa neno, sauti itatoka ya kughani na mtazamaji ataisikia mara moja.

Sasa sababu yenyewe. Ipimeni kwa kuihamisha: chukua sababu ya kitabu cha kwanza, uibandike kwenye kitabu cha pili. Ikikaa vizuri, hiyo si sababu, itupeni. "Kina mafunzo" inakaa kwenye kitabu chochote dukani kwako. "Kinasisimua" vivyo hivyo. "Lugha yake tamu" nayo haikitambulishi kitabu hata kidogo. Sababu inayofaa ina kitu ambacho aliyefungua kitabu tu ndiye angeweza kukitaja: mtu, tendo, mahali, au jinsi kitabu kilivyopangwa.

Tuchukue jozi moja inayowafaa watu wa Tanga kuliko wengine wote, vitabu viwili vya Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909: *Kusadikika* na *Kufikirika*. Ni jozi nzuri kwa sababu majina yanafanana, vyote viwili vinahusu nchi ya kubuni, na wasomaji wengi huvichanganya. Mteja anaingia dukani akitaka kimoja anaondoka na kingine. Jaribio la kwanza la mdogo wako huenda likawa hivi: "Kusadikika, kwa sababu kinaonyesha uongozi mbaya." Lihamishe. Linaweza kukaa kwenye vitabu vingine kumi vya fasihi, halafu linanukia majibu ya mtihani. Sasa jaribuni hili: "Kusadikika: mshtakiwa anajitetea kwa safari sita." Hapo kuna mtu, kuna kesi, kuna idadi, na haiwezekani kuihamishia *Kufikirika*. Kwa upande wa pili: "Kufikirika: mfalme ana kila kitu, hana mtoto." Maneno sita tu, na mtu ambaye hajawahi kukishika kitabu hicho anataka kujua mfalme huyo atafanya nini. Aliyekuwa akivichanganya vitabu hivyo tangu shule naye ameshapata cha kuvitofautishia.

Utaona pia kwamba sababu zote mbili zinakisifu kitabu kilichochaguliwa na hazikigusi kilichoachwa. Hiyo ishikeni kama sheria. Kitabu kilichoachwa nacho ni mali yako, umekilipia, kipo rafuni. Mdogo wako akisema "hiki, maana kile kinachosha," amekuuzia nusu ya kitabu na kukuharibia kizima. Tena mji ni huu huu mmoja. Mwandishi wa kile "kinachochosha," au jirani yake, anaweza kuwa mteja wako wa kesho. Kwa sababu hiyo hiyo msiwashindanishe waandishi wawili wa hapa mjini, na vitabu vya dini viacheni kabisa nje ya mchezo huu.

Tatizo la pili ni jozi zenyewe. Jozi 15 ni nyingi, lakini hata zingekuwa tano, jozi mbovu haiendi haraka. Jozi hulegea kwa namna mbili. Ya kwanza ni pale jibu linapojulikana: kitabu kinachotajwa na kila mtu dhidi ya kisichojulikana. Mtazamaji ameshajibu kabla ya mdogo wako, hana sababu ya kungoja. Ya pili ni pale vitabu visipokuwa na kipimo kimoja, kwa mfano kitabu cha mapishi dhidi ya riwaya ya upelelezi. Hapo mjibu anasita kwa haki kabisa, kwa kuwa hajui apime kwa lipi. Dawa ya hili la pili ni kutanguliza hali kwenye swali. Badala ya "hiki au kile?" tupu, sema "Kwa safari ya basi hadi Dar: hiki au kile?" Au "Kwa mtoto anayeanza kusoma peke yake?" Au "Cha kumpa mwalimu anayestaafu?" Hali ikitajwa, kipimo kimepatikana na jibu linatoka lenyewe. Na kwenye kuuza, hali ndiyo inayomleta mteja. Anayesafiri Jumamosi anasikia jambo lake likitajwa.

Jozi yenye hali, kwa mfano: "Kwa asiyependa riwaya: maisha ya Siti, au maisha ya Shaaban Robert mwenyewe?" Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, na aliandika pia habari za maisha yake mwenyewe. Vyote viwili ni vitabu vya maisha ya watu wa kweli, kimoja cha mtu mwingine, kimoja cha nafsi yake. Mdogo wako akijibu "Siti: muuza vyungu aliyekuja kutikisa taarabu," hakuna atakayesema amejibu kwa kubahatisha.

Vitabu vya kiada msiviweke humu. Mzazi anayekuja Januari na orodha ya shule hachagui, ananunua alichoandikiwa. Kama mnataka kugusa wateja wa shule, shindanisheni vitu ambavyo mzazi anaviamua mwenyewe: kaunta buku ya kwaya 2 au ya kwaya 3, kalamu ya bluu au nyeusi. Jozi moja ya namna hiyo inatosha kwenye video nzima.

Sasa muda. Chukua saa ya simu uhesabu pamoja nami. "Kusadikika au Kufikirika?" ni silabi 12, kwa mwendo wa kawaida ni kama sekunde 2. Kuchagua, kwa maana ya kunyanyua kitabu na kukitaja, sekunde 1. Sababu ya maneno sita hadi manane, kama sekunde 3. Jozi moja ni sekunde 6, jozi sita ni sekunde 36, na sekunde 4 za mwisho ni za kuonyesha bei na mahali duka lilipo. Jumla 40. Hapo ndipo pa kusimama. Mkiweka jozi ya saba mnatafuta nafasi kwa kubana sababu, na sababu ikibanwa video inarudi kuwa ile ya mwanzo. Angalia pia urefu wa majina. "Adili na Nduguze au Utubora Mkulima?" ni silabi 17, karibu sekunde 3 zimekwisha kabla hajajibu. Jozi ya namna hiyo si mbaya, ila isikae ya kwanza, na zisiwe mbili kwenye video moja.

Ya kwanza iwe jozi ambayo hata asiyesoma vitabu ana upande wake: "Kukunja ukurasa au kuweka alama?" Isiwe na jina la kitabu. Mtazamaji anajijibu mwenyewe moyoni, na akishajijibu mara moja anataka kulinganisha majibu ya pili na ya tatu. Zinazofuata nne ndizo za vitabu mnavyotaka kuviuza. Ya sita iwe ile inayomuumiza mdogo wako kweli, vitabu viwili anavyovipenda sawa. Hapo tu ndipo aruhusiwe kusita. Msimwambie itakuwa ipi. Akifumba macho, akiguna, akacheka, acheni sekunde hizo mbili zibaki. Kusita kumoja baada ya majibu matano ya haraka kunapendeza. Kukiwa kwenye kila jozi kunachosha.

Tuje kwenye kurekodi. Tumieni kamera ya nyuma ya simu, si ya mbele. Kamera ya mbele hugeuza picha kama kioo, na kwenye baadhi ya simu hata video iliyohifadhiwa inabaki imegeuzwa, kwa hiyo majina ya vitabu yanasomeka kinyumenyume. Simu isimame wima kwenye stendi, usawa wa macho, kama mita 1 kutoka kwa mjibu. Kitabu unachokitaja kwanza kiwe kushoto kwa mtazamaji, maana yake mkono wa kulia wa mdogo wako. Inaonekana jambo dogo, lakini ukitaja cha kulia kwanza, macho ya mtazamaji yanatafuta na sekunde moja inapotea kwenye kila jozi.

Vitabu avishike usawa wa mabega, karibu na mashavu. Asivisukume mbele kuelekea kwenye lenzi. Akivisukuma, kamera inauacha uso na kuhangaika kuutafuta upya, picha inakuwa ukungu kwa muda, na ni muda ule ule anaosema sababu. Kabla ya kuanza, gusa uso wake kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka simu ikuonyeshe kwamba umakini na mwanga vimefungwa. Kwenye iPhone yatatokea maandishi `AE/AF LOCK`. Majalada yanayong'aa yainamishwe kidogo, sehemu ya juu ya kitabu ije mbele kuliko ya chini, kiasi cha upana wa vidole viwili. Mng'ao wa dirishani utaelekea sakafuni badala ya kuingia kwenye kamera.

Mwanga wa dirisha au mlango unatosha, asubuhi, mjibu akiwa ameutazama. Mkilazimika kutumia taa za dukani, angalieni kama kuna mistari myeusi inayopanda au kushuka kwenye picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za tyubu na za LED huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Kama simu yako ina hali ya `Pro`, weka kasi ya shata `1/50` au `1/100`, mistari itaondoka. Kama haina, zimeni taa msogee mlangoni.

Sauti ndiyo inayoharibu video nyingi za madukani kuliko picha. Kwa umbali wa mita 1, maiki ya simu inasikia feni na bodaboda za barabarani karibu sawa na mdomo wa mjibu. Zimeni feni kwa dakika kumi mnazohitaji. Kisha chukueni simu ya pili, wekeni programu ya kurekodi sauti, mjibu aitie kwenye mfuko wa shati, maiki ikitazama juu. Mwanzoni apige kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri mtaoanisha mlio wa kofi na picha ya viganja vikikutana, na sauti ya simu ya mfukoni itachukua nafasi ya ile ya kamera. Wewe muulizaji simama karibu naye, pembeni mwa fremu, ili sauti yako nayo iingie.

Vitabu vipangwe kwa jozi juu ya kigoda, kila jozi imefungwa kwa uzi na kikaratasi chenye namba. Msitumie mpira, unaacha alama kwenye kingo za jalada na kitabu hicho utamuuzia mtu. Msisimamishe kamera kati ya jozi. Endeleeni kurekodi, badilisheni vitabu taratibu, ulizeni. Rekodini jozi nane ili mpate sita nzuri. Sababu ikikwama, msimfanye airudie papo hapo, ruka. Jibu la mara ya pili kwa jozi ile ile huwa limeshakufa, kwa sababu uso unajua kinachokuja.

Kwenye kuhariri, kasi mnaitengeneza kwa mkasi. Kata pale silabi ya mwisho ya sababu inapoishia, unganisha na pale silabi ya kwanza ya swali linalofuata inapoanza. Acha nafasi ndogo tu ya pumzi, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Msiongeze mwendo wa video yenyewe, sauti inaweza kuwa nyembamba na maneno yenye silabi nyingi hayasikiki. Ndani ya jozi msikate: swali, uchaguzi na sababu vitoke kwa mkupuo mmoja, ili mtazamaji aone kwamba mdogo wako amechagua mwenyewe. Maandishi ya skrini yawe majina ya vitabu viwili tu. Likishachaguliwa moja, lingine lififie. Sababu msiiandike yote, neno lake zito linatosha: "safari sita", "hana mtoto". Maandishi yakae nusu ya juu ya skrini, maana robo ya chini na ukingo wa kulia hufunikwa na vitufe na maelezo ya TikTok na Instagram.

Sasa kwa nini komenti hazikuwa wateja. Ukiuliza "wewe ungechagua kipi?" watu wanakuandikia jina la kitabu na kuondoka. Waulize hivi: "Sababu yako moja ni ipi?" Wanaojibu hilo ni watu waliosoma au wanaotaka kusoma, na hao ndio wa kuwafuata kwa ujumbe. Katika zile sekunde 4 za mwisho onyesheni vitabu vyote vya jozi moja mliyoichagua, bei ya kila kimoja kwa shilingi, na mtaa. Msiandike "bei inbox." Mtu aliyevutiwa saa tatu usiku hataki kuanza mazungumzo, anataka kujua kama pesa aliyonayo inatosha. Na kabla ya kurusha, hesabu nakala: kila kitabu kilichomo kiwe na nakala tatu angalau. Kitabu chenye nakala moja kikipendwa, mteja wa pili anakuja toka Chumbageni anakikosa, na wa tatu anaambiwa na wa pili asijisumbue.

Weka daftari karibu na droo ya pesa. Andika majina ya vile vitabu vya video, na kila kikiuzwa piga mstari. Anza siku saba kabla ya kurusha, endelea siku 14 baada yake. Ukiona vilivyochaguliwa na vilivyoachwa vyote vimepata mistari, sababu zimefanya kazi. Vikipata vilivyochaguliwa tu, sikiliza tena video: kuna mahali mdogo wako amekishusha kitabu pasipo kukusudia, hata kwa kukirudisha kigodani kwa kishindo. Ikiwa hakuna mistari lakini watazamaji ni wengi, fungua takwimu za video uangalie mchoro unaoonyesha watu wanabaki mpaka sekunde ya ngapi. Ukishuka ghafla ndani ya sekunde 6 za kwanza, badilisha jozi ya kwanza. Ukishuka katikati, kuna sababu iliyozidi maneno manane, tafuta ni ipi. Na kama watu wanabaki mpaka mwisho ila hawaji, tazama zile sekunde 4 kwa simu ndogo, mkono umenyooshwa, uone kama bei inasomeka.

Muhimu kuliko yote, sikiliza mteja anavyoomba kitabu akiingia. Akisema "nipe kile cha yule mshtakiwa wa safari sita," muulize aliiona wapi, kisha andika maneno yake kama yalivyo kwenye daftari lile lile. Mara nyingi atakuwa ameifupisha sababu yenu vizuri kuliko mlivyoiandika, na hiyo fupi ndiyo ya kuandika kwenye kikaratasi cha kitabu hicho kwa video inayofuata.